Kusoma mkia wa tyubu kwenye picha ya simu

Asanteni. Walio nyuma mnanisikia? Haya. Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu wa bidhaa feki, jina ambalo nikienda nalo nyumbani mume wangu atacheka. Mimi nilikuwa fundi wa kuchapa tyubu kwenye kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Nairobi, miaka kumi na moja nimesimama kwenye mashine. Nimeharibu roli nyingi tu kabla sijajua kazi. Siku hizi wenye maduka hunitumia picha kwa WhatsApp na swali moja: "Mama, hii ni ori?" Leo nitawaonyesha ninachotazama. Nitakaa sana kwenye tyubu ya dawa ya meno, maana ndiyo yenye maneno mengi. Kopo la deodoranti nitaligusa, na vichwa vya wembe nitavipitia mbio.

Kwanza mjue tyubu inavyozaliwa. Ile ya kawaida ya siku hizi huanza ikiwa shuka refu, plastiki na tabaka jembamba la kizuizi, mara nyingi alumini, limeviringwa kwenye roli. Picha na maandishi huchapwa shuka likiwa bado bapa. Baadaye hukunjwa kuwa mrija na kuunganishwa ubavuni kwa joto, na huo ndio ule mshono mwembamba ulio nyuma ya tyubu. Kisha hutiwa bega na kifuniko. Inapofika kwa mwenye dawa, mdomo umefungwa na mkia uko wazi. Ndiyo, mama, dawa huingilia mkiani. Ikishajaa, mkia huyeyushwa kwa joto, taya mbili za chuma zinaubana, na kisu kinapunguza ukingo. Kwenye tyubu nyingi zile tarakimu za bechi na tarehe zinabonyezwa hapo hapo na herufi za chuma zilizofungwa ndani ya taya. Pitisha kidole: upande mmoja utasikia mashimo, upande wa pili vinundu.

Sasa shikeni hili, maana mengine yote yananing'inia hapa. Picha ilichapwa siku moja kwenye mashine moja. Nambari ya bechi iliwekwa siku nyingine na mashine nyingine, mara nyingi hata kwenye kiwanda kingine. Mashine mbili zisizojuana haziwezi kukubaliana hadi milimita ya mwisho.

Kinachozisaidia kukutana ni kile kiraka cha rangi kilichochapwa mkiani, kimraba cheusi, cha kijani au cha buluu. Najua mmetumiwa ujumbe kwamba kijani ni dawa ya asili na nyeusi ni kemikali tupu. Si kweli. Kile ni alama ya jicho la mashine. Tyubu ikisimama kwenye kishikio huzungushwa mpaka jicho lione hiyo alama, ndipo taya zibane, ili jina lisije likakunjwa ubavuni. Rangi yoyote inayoonekana vizuri juu ya rangi ya nyuma yake inatosha. Nimezichapa kwa maelfu na hakuna aliyewahi kuniuliza dawa ina nini ndani.

Lakini jicho nalo hukosea kidogo. Tyubu moja itasimama milimita moja kushoto, nyingine moja kulia. Kwa hiyo ukizipanga tyubu halisi kadhaa, nambari ya bechi itakuwa pale pale ukiipima kutoka ukingo wa mkia, kwa sababu imefungwa kwenye taya. Ukiipima kutoka kwenye picha, itacheza.

Anayeghushi kwa njia rahisi hufanya nini? Ananunua tyubu moja halali, anaipiga skani yote, nambari ya bechi ikiwemo, anachapa. Kwake nambari ni sehemu ya picha. Basi mambo yanageuka: nambari imeganda kwenye picha, na inacheza ukiipima kutoka ukingoni.

Nitawapa kisa. Mama mmoja wa Kayole aliuziwa katoni na kijana wa pikapu, bei ya chini kuliko anayopewa na msambazaji wake. Akanitumia picha sita, zote za uso wa tyubu, zinang'aa kama tangazo. Nikamwambia hizo hazinisaidii. Chukua tyubu sita, zilaze juu ya gazeti, mikia yote upande mmoja, weka rula ya mtoto chini yake. Zima taa ya juu, washa tochi ya simu nyingine na uilaze karibu na meza ili mwanga upite kimshazari. Mwanga wa kimshazari ndio unaofanya mbonyezo utoe kivuli, ukimulika kutoka juu hauoni kitu. Halafu nitumie kama faili, si kama picha, maana WhatsApp huikamua picha mpaka vitu vidogo vyote vinakuwa uji.

Zilipokuja, nilipima kutoka ukingo wa kushoto wa mkia hadi tarakimu ya kwanza. Nikapata milimita 6, 8, 5, 9, 7 na 6. Nikapima tena kutoka alama ya jicho hadi tarakimu ile ile. Zote sita, milimita 11. Na tarakimu hazikuwa na kivuli, zilikuwa wino mtupu. Nikachukua tano za dawa hiyo hiyo nilizonunua mwenyewe dukani: kutoka ukingoni zote 7, kutoka kwenye alama zikacheza kati ya 10 na 12, na mbonyezo una kivuli kizuri. Hapo ndipo nilipomwambia asiuze hata moja.

Kuna bwana pale ameinua mkono. Anauliza, kwani zote katika katoni kuwa na bechi moja si ni dalili ya feki? Hapana, na hapa watu wengi huponzwa. Bechi moja huwa na maelfu ya tyubu, kwa hiyo katoni nzima kuwa na nambari moja ndiyo hali ya kawaida. Hata saa na dakika zikiandikwa, mashine hujaza tyubu nyingi kwa dakika, kwa hiyo katoni moja kuwa na dakika moja haishangazi. Kinachonishtua ni dakika ile ile kuonekana Kayole mwezi wa tatu, Kawangware mwezi wa tano, na Kitengela mwezi wa nane. Tena linganisheni nambari ya tyubu na ya kijiboksi chake, maana mwenye feki mara nyingi anayo boksi ya bechi moja na tyubu ya nyingine.

Na viwanda vingine, ndiyo, huweka nambari kwa wino wa kurushwa au kwa leza badala ya kubonyeza. Kipimo hakibadiliki, kwa sababu bado imewekwa baada ya kuchapa, na lazima itacheza juu ya picha.

Tuje kwenye uchapaji. Kila rangi ina silinda yake, na silinda zikikosana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, herufi nyeupe juu ya nyekundu inapata ukosi wa rangi upande mmoja. Watu wakiona ukosi huo wanapiga kelele "feki!" Polepole. Nimetoa mwenyewe tyubu zenye ukosi na zikapita kwa mkaguzi. Mimi naangalia zaidi rangi yenyewe. Kampuni kubwa kwa kawaida huchanganyiwa wekundu wake, wino mmoja maalum, kwa hiyo ukiukuza kwenye picha unaona rangi tupu kama rangi ya ukuta. Aliyepiga skani hana wino huo. Anaujenga wekundu kwa vidoti vya rangi nne, na ukikuza unaviona kama mchanga. Maandishi madogo ya viungo yanasema zaidi: kwenye halali ni wino mmoja, herufi imekatika safi. Kwenye skani nayo imejengwa kwa vidoti, ina unyoya wa waridi na buluu pembeni. Isipokuwa tyubu chache za promosheni zilizochapwa kwa mashine ya kidijitali. Hizo ni halali na zina vidoti, kwa hiyo vidoti peke yake visikufanye umwite askari.

Makosa ya tahajia msiyadharau. Mwaka 2007, kule Marekani, zilipatikana kwenye maduka ya bei nafuu tyubu za bandia zenye jina la Colgate, zikidai zimetengenezwa Afrika Kusini. Kampuni ikatoa onyo kwamba huenda zina daithilini glaikoli, ambayo ni sumu, na kwamba yenyewe haikuwa ikipeleka dawa ya meno Marekani kutoka nchi hiyo. Kwenye boksi paliandikwa "SOUTH AFRLCA". Herufi moja tu.

Kopo la deodoranti: tazameni kitako. Nambari hapo hunyunyizwa kwa vidoti vya wino kopo likiwa linapita. Ugonjwa tunaouona sana hapa mjini si kopo feki, ni kopo halali lililokwisha muda, likafutwa kwa spiriti na kupigwa tarehe mpya. Mulika kimshazari: palipofutwa panang'aa kuliko kitako kingine, na mara nyingi kivuli cha tarakimu za zamani kimebaki kwenye kona iliyopinda, pale kitambaa kisipofika. Jambo lingine, kopo la alumini huwa kipande kimoja, halina mshono ubavuni. Kama unajua chapa hiyo huja kwa alumini, mwambie muuzaji apige picha sumaku ya friji ikiwa imeegeshwa kwenye kopo. Ikishika, hilo ni bati. Na tafadhali msilitoboe kopo kuangalia ndani, lina gesi inayowaka.

Vichwa vya wembe, kwa picha, mimi nakiri sivipendi. Naweza kuangalia kama nyembe zimepangana sawa, kama vibanio vya chuma vya ncha mbili vimekunjwa kwa namna moja, kama plastiki ina mabaki yaliyochomoza kwenye kiungo cha kalibu, na kama nambari ya kadi ya nyuma imechapwa pamoja na picha. Ukali wa wembe haupigiki picha.

Na nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya? Tumeni SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023. Lakini someni jibu lote, jina la kampuni na bidhaa, kwa sababu mwenye skani amenakili pia nambari halisi ya kibali. Jibu likija zuri limethibitisha kibali, halijathibitisha tyubu iliyo mkononi mwako.

Niwaambie na kosa langu. Kuna mzee wa Githurai niliyemhukumia mzigo wake kwa sababu mikia ilikuwa imekaa upande na nambari ilikuwa na mpangilio nisioujua. Akaurudisha, akagombana na mtu aliyefanya naye biashara miaka mingi. Baadaye mwakilishi wa mwenye chapa akaangalia bechi kwenye daftari lao: mali halali, ya kiwanda chao cha nchi nyingine, iliyoletwa na mwagizaji mwingine. Taya zilikuwa zimelegea tu. Tangu siku ile mkia kukaa upande siuhesabu kuwa kitu, na sisemi "feki" kwa picha. Nasema "usiuze bado", kisha nampa mwenye duka vipimo ampelekee mwenye chapa, kwa sababu daftari la bechi liko kwake, haliko kwangu.

Yule mama wa Kayole alifanya hivyo. Watu wa mwenye chapa walikuja siku ya nne, wakachukua katoni na vipimo vyangu vilivyoandikwa nyuma ya risiti. Namba ya kijana wa pikapu ilikuwa imeshazimwa.