Jina Lisibanduke: Kuchapa Tisheti, Kepu na Magi kwa Hitipresi Ndogo

Haya jamani habari za mchana, naona wengi mmekuja na madaftari, vizuri sana, ila leo sianzi na hitipresi, ile mashine ya kubandika kwa joto, naanza na kitambaa. Kazi nyingi zinazorudishwa na wateja zilishaharibika siku tisheti ziliponunuliwa, kabla hata mashine haijawashwa. Mtu kaenda Kariakoo kachukua dazeni za bei nzuri, hajauliza ni pamba au polista, kafika dukani kabandika, siku ya shughuli zinapendeza kweli, wiki inayofuata imefuliwa mara mbili na jina la bibi harusi halipo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Sablimesheni, ile ya kuchapa picha kwenye karatasi kisha kuihamisha kwa joto, wino wake haukai juu ya kitambaa, ukipata joto unageuka mvuke unaingia ndani ya nyuzi za polista, ndo maana ukipitisha mkono husikii kitu na hakuna cha kubanduka. Ila pamba ule mvuke haiushiki, picha inatoka imepauka halafu maji yanaimaliza. Na printa ya sablimesheni haina wino mweupe, kwa hiyo tisheti yako lazima iwe nyeupe au rangi nyepesi sana, ukichapa njano kwenye bluu unapata kitu hakieleweki.

DTF ni habari nyingine. Pale picha inachapwa kwenye filamu, rangi kwanza halafu nyeupe juu yake, ikiwa bado mbichi inamwagiwa unga wa gundi, unga unayeyushwa kwa joto, kisha wewe unakuja kuibandika na hitipresi yako. Inakaa kwenye pamba, inakaa kwenye polista, rangi yoyote ile. Na huhitaji kununua printa yake, wenye printa kubwa wanakuuzia kwa mita, wewe unatuma faili unaenda kuchukua roli yako.

Kama hujui kitambaa ni nini, chomoa uzi kwenye pindo la ndani uuchome na kiberiti. Pamba inanukia kama karatasi inayoungua na inaacha majivu laini, polista inayeyuka inajikunja inakuwa kijidonge kigumu cheusi. Kama vinatokea vyote viwili basi ni mchanganyiko, usiipeleke sablimesheni ukitegemea rangi iwake.

Tuchukue oda moja ya kamati ya harusi tuipige hesabu. Tisheti 40 za pamba rangi ya damu ya mzee, mgongoni majina ya maharusi na tarehe, kifuani kila mtu na jina lake, halafu magi 20 za zawadi. Pamba, rangi nzito, hapo jibu ni DTF hakuna mjadala. Roli ina upana wa sentimita 60, ukiacha pembeni kidogo unabaki na 58 hivi. Mchoro wa mgongoni ukiwa na upana wa 28 na urefu wa 20, viwili vinakaa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo una mistari 20, weka nafasi ya sentimita moja kila mstari, ni mita 4 na sentimita 20. Majina ya kifuani ya sentimita 9 kwa 3 yanaingia sita kwa mstari, mistari saba, hiyo ni kama sentimita 28. Unaagiza mita 5 ili ubaki na michoro miwili mitatu ya akiba. Hiyo akiba usiiondoe hata mteja akilia bei, maana ukiunguza moja huwezi kurudi kwa mwenye printa kwa ajili ya kipande kimoja usiku wa kuamkia harusi.

Majina mwambie mtu mmoja tu wa kamati akuletee kwa maandishi, uyanakili moja kwa moja usiyachape upya, kisha umrudishie picha ya mpangilio wote aandike kwamba sawa. Halafu angalia herufi. Watu wa harusi wanapenda zile fonti za mwandiko wa mkono zenye mikia myembamba kama uzi, na hapo ndo pa kuwa makini sana, mstari ukiwa chini ya milimita moja unga wa gundi unaoushika ni kidogo mno, baada ya kufua ule mkia ndo unaanza kunyanyuka. Nenepesha mstari kwenye faili kabla hujatuma, mteja hataona tofauti ila jina litadumu.

Kubandika kwenyewe: tisheti tupu iweke kwenye joto sekunde 5, Dar hii hewa ina unyevu na ule unyevu ukibaki unatoa mapovu chini ya gundi. Weka filamu, nyuzi 155 hivi, sekunde 15, mkandamizo wa kutosha. Iache ipoe kabisa ndo uvute filamu, polepole, kutoka pembeni. Ukiona herufi inanyanyuka na filamu simama hapo hapo, irudishe chini ukandamize tena. Ikishatoka funika na karatasi ya kuokea, rudia sekunde 10, hii ya pili ndo inaizamisha kwenye nyuzi. Ukiona kila mara inagoma upande mmoja, basi sahani yako ina kona baridi, pima kwa kipimajoto cha leza sehemu tano usiamini namba ya kwenye skrini. Au kola na mishono imeinua sahani, basi iache kola ining'inie nje ya meza, au weka kipande cha sponji ndani ya tisheti.

Kuna dada hapo mbele kauliza mbona maandishi yake meupe yaligeuka pinki kwenye jezi nyekundu. Dada yangu hiyo jezi ni polista, rangi yake yenyewe inapanda kwa joto inaingia kwenye nyeupe yako, na wakati mwingine haionekani mpaka siku kadhaa zipite. Uliza unga wa joto la chini, ule unaoshika kwenye nyuzi 130 hivi, na jaribu jezi moja uiache siku mbili kabla hujagusa zingine.

Magi ni fupi. Zinazofaa ni zile zilizopakwa koti maalumu la sablimesheni, boksi linaandikwa, kikombe cha kawaida cha dukani picha inaoshwa na sponji. Karatasi ya sentimita 20 kwa 9, picha imegeuzwa kama kwenye kioo, ifunge kwa utepe wa joto isicheze hata kidogo, nyuzi 180 kwa dakika 3. Ikitoka imepauka muda haukutosha, nyeusi ikiwa kahawia umezidisha. Kepu za mbele sponji nyeupe nazo mara nyingi ni polista, zinapokea sablimesheni vizuri, ila tumia sahani iliyopinda ya kepu.

Na wale wanaosubiri oda za kampeni, pigeni hesabu. Kuweka, kubandika, kupoza na kurudia, tisheti moja inakula dakika mbili kama mko wawili. Tisheti 2,000 ni karibu saa 67 za mashine, bila umeme kukatika. Kama ni kaulimbiu ya rangi moja mpe mtu wa silikiskrini, yule anayepitisha wino kwenye fremu ya wavu, wewe chukua zile 30 za viongozi zenye majina. Kila mteja mwambie asifue saa 24 za mwanzo, afue imegeuzwa ndani nje, na pasi isipite juu ya maandishi.