Ajensi inalipwa vipi? Hesabu ya magodoro Kibuye

Wafula: Achieng, ulisema kuna mama wa magodoro pale soko la Kibuye, Kisumu, aliyekupigia simu.

Achieng: Eh. Mauzo yamepanda, pesa haioni. Ajensi inayomwendeshea matangazo ya mtandaoni inachukua asilimia 15 ya bajeti ya matangazo. Mwezi wa kwanza aliweka laki moja Facebook na Google, akapata wateja 50. Kila mteja humwachia faida ya 3,500 kabla ya kutoa matangazo.

Wafula: Hiyo ni 175,000. Toa laki, toa 15,000 ya ajensi, anabaki na 60,000. Si mbaya.

Achieng: Ndipo ajensi ikamwambia, "Mama, tuongeze." Akaweka laki mbili. Wateja wakawa 70.

Wafula: Mbona si 100?

Achieng: Waliokuwa tayari kununua unawapata mapema. Baada ya hapo unalipia macho tu. Sasa toa laki mbili na 30,000 kwenye 245,000.

Wafula: Elfu 15! Na ajensi imepata maradufu.

Achieng: Na ripoti ilipendeza: kila mteja wastani wa 2,857, chini ya 3,500. Lakini wale 20 wa nyongeza walikula laki nzima. Ni 5,000 kila mmoja, bado hujagusa ada.

Wafula: Na hakuna aliyeiba.

Achieng: Hakuna. Mkataba wenyewe ndio ulioipa ajensi sababu ya kutosema "punguza". Mama akakasirika, akataka kulipa kwa kila mteja tu.

Wafula: Hapo ningekubali mara moja.

Achieng: Ungelia! Ajensi ingekimbilia tangazo linalotokea mtu akiandika jina la duka lake Google. Mtu ameona bango Kibuye, anatafuta namba ya simu tu, anabofya tangazo, basi anahesabiwa mteja wa ajensi.

Wafula: Utajuaje?

Achieng: Zima tangazo la jina lako wiki mbili, halafu uangalie kitabu chako cha risiti, si ripoti yao. Mauzo yasiposhuka, ulikuwa unalipia wateja wako mwenyewe. Ila kama mpinzani ananunua tangazo kwa jina lako, hapo unaweza kupoteza wachache. Na uandike kwenye mkataba kwamba godoro lililorudishwa halilipiwi.

Wafula: Mwishowe alichagua nini?

Achieng: 25,000 kila mwezi, bajeti ipande au ishuke. Akarudi laki moja.

Wafula: Lakini hapo analipa 10,000 zaidi ya ile asilimia.

Achieng: Analipa, ndiyo. Shida ya ada hiyo ni uvivu, maana pesa inaingia hata wakilala. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi anafungua Google Ads mwenyewe, pale palipoandikwa "Change history", aone walichogusa.

Wafula: Na wanagusa?

Achieng: Mwezi wa kwanza ukurasa ulijaa. Uliopita ulikuwa na mistari mitatu, yote ya siku moja. Ameshawapigia simu.