Congiuntivo ya Kiitaliano baada ya "penso che" na "benché"

Karibuni. Tazameni sentensi iliyo kwenye skrini: Penso che Amina è a Napoli. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili huteleza hapa kwa sababu inayoeleweka. Tukisema "nataka awe Napoli", kitenzi kinabadilika; tukisema "nadhani yuko Napoli", hakibadiliki. Kwa Kiitaliano, voglio che na penso che vyote vinadai congiuntivo, yaani umbo la kitenzi la matakwa, maoni na shaka, kwa hiyo tunaandika: Penso che Amina sia a Napoli. Credo che, mi sembra che na dubito che ni vivyo hivyo. So che, yaani "najua kwamba", inabaki na è, maana hapo hakuna maoni.

Mtaani mtawasikia Waitaliano wenyewe wakisema penso che è. Kwenye mtihani na barua ya kazi, andikeni sia.

Hatua ya kwanza ni wakati uliopo. Chukueni umbo la io, ondoeni -o, wekeni -a: vengo inakuwa venga, finisco inakuwa finisca. Vitenzi vya -are ndivyo vinavyopokea -i: parlo, parli. Kwa kuwa io, tu na lui vina umbo moja, mtajeni mhusika: Credo che tu venga. Loro huongeza -no: vengano, parlino. Noi na voi huishia -iamo na -iate: veniamo, veniate. Sia na abbia hazifuati njia hii, zikaririni.

Hatua ya pili: rudisheni kitenzi cha mwanzo nyuma, penso iwe pensavo. Cha pili nacho lazima kirudi. Futeni -re, wekeni -ssi kwa io na tu, -sse kwa lui: parlassi, prendessi, dormisse. Essere hutoa fossi, fosse. Dare na stare hutoa dessi na stessi. Mkiona mmeandika "dassi" au "stassi", mmefuata kanuni pasipostahili. Sasa tunapata: Pensavo che Amina fosse a Napoli. Ukiacha sia hapo, nusu ya sentensi iko jana na nusu iko leo.

Hatua ya tatu, viunganishi. Benché na sebbene, "ijapokuwa", affinché, "ili", purché, "mradi", na prima che, "kabla", vyote huleta congiuntivo, na nyakati hufuatana vilevile: Amina esce benché piova, "Amina anatoka ijapokuwa mvua inanyesha". Akiwa ameshatoka: Amina è uscita benché piovesse. Angalieni sana anche se. Maana yake ni karibu ile ile, lakini kwa jambo linalotokea kweli haitaki congiuntivo: Amina esce anche se piove.

Kabla ya kuandika che, ulizeni: mhusika ni mmoja pande zote mbili? Kama ni mmoja, baada ya penso, credo na prima, che inaondoka, inakuja di na kitenzi kisichonyambuliwa. "Nadhani nimechoka" ni Penso di essere stanco, na "kabla sijaondoka, nitakupigia" ni Prima di partire, ti chiamo.