Rangi Inapogota: Kusoma Kipimo cha Floraidi Kisimani

Ndugu zangu mafundi na wapimaji wa maji, leo nataka tulitazame jambo moja tu: ukisimama kisimani na neli mkononi, rangi unayoiona inakuambia nini, na ni wakati gani haitoshi kuiamini.

Tuanze na kinachotokea ndani ya neli. Vipimo vingi vya uwandani hutumia kitendanishi chenye rangi nyekundu iliyoshikamana na madini ya zirkoniamu. Floraidi ikiingia, huinyang'anya ile rangi zirkoniamu yake, na wekundu hufifia. Kwa hiyo hatupimi rangi inayotokea, tunapima rangi inayopotea. Hilo lishikeni, maana makosa mengi ya kusoma kipimo hiki yanatoka hapo.

Kosa la kwanza ni la mwisho wa kipimo. Chukulia kadi yako ina hatua za 0, 0.5, 1.0, 1.5 na 2.0, kwa miligramu kwa lita. Umepima, na rangi imelingana na 2.0. Wengi huandika daftarini "2.0" na kufunga sanduku. Lakini rangi ikishapotea yote haina pa kwenda tena. Maji yenye 3 na yenye 10 yataonekana sawasawa. Soma "2.0 au zaidi", kisha zimua: mililita 10 za maji ya kisima, ongeza mililita 40 za maji yaliyokenekwa, upime upya. Tuseme safari hii rangi imeangukia kati ya 1.0 na 1.5. Umezimua mara tano, hivyo kisima kina kati ya 5 na 7.5. Angalieni jinsi pengo lilivyopanuka: kosa dogo la jicho nalo limezidishwa mara tano. Na kabla ya yote, pima yale maji ya kuzimulia peke yake; yasiposoma 0, hesabu nzima imeharibika.

Je, kisima hiki kinahitaji maabara? Kwa swali la kunywa, hapana. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, na hata 5 imekipita mbali. Waambieni watu leo wasiyanywe, na muwaeleze kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maabara itahitajika baadaye, mkitaka kuweka chujio, kwa sababu ukubwa wa chujio la maji yenye 5 si ule wa maji yenye 7.5.

Kisima kinachonisumbua zaidi ni kile kinachosoma kati ya 1.0 na 2.0. Hapo jicho likikosea nusu hatua tu, uamuzi unageuka. Pimeni mara mbili, wasomaji wawili, kila mmoja asome bila kusikia jibu la mwenzake, kivulini, mbele ya karatasi nyeupe. Hata mkikubaliana, pelekeni sampuli maabara. Kukubaliana kwenu kunaonyesha kwamba macho yenu yanalingana. Kitendanishi chenyewe bado kinaweza kuwa kimeharibika. Hicho mkipime kwa maji ya kiwango kinachojulikana, yenye 1.0: yakisoma 0.5, acheni kazi.

Kuna pia maji yanayodanganya. Alumini hushikana na floraidi, ikabaki kidogo ya kuigusa zirkoniamu. Kipimo kinasoma chini ya ukweli. Mkienda kwenye maji yaliyotibiwa kwa shabu, likumbukeni hilo. Klorini hufanya kinyume: huipausha rangi yenyewe, na kisima kipya kilichotoka kuuliwa vijidudu kitaonekana kimejaa floraidi. Pampeni mpaka klorini iishe ndipo mpime. Maji yenye tope nayo yasisomwe kwa jicho.

Dokezo jingine liko kwenye maji yenyewe. Floraidi nyingi kwa kawaida hupatikana kwenye maji laini yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa sababu kalsiamu huizuia floraidi kubaki imeyeyuka. Mkikuta maji magumu, sabuni haitoi povu, na kipimo kinadai 6, msikitupe wala msikiamini: pelekeni maabara.

Kule sampuli hupimwa kwa elektrodi ya floraidi, baada ya kuchanganywa na bafa inayoifungua floraidi kutoka kwenye alumini. Ndiyo maana majibu yao yanaweza kuwa juu kuliko yenu bila ninyi kuwa mmekosea hatua yoyote.

Chupa iwe ya plastiki, si ya kioo, isuuzwe kwa maji ya kisima hicho hicho, na isitiwe dawa yoyote. Juu yake andikeni kisima, tarehe, mlichosoma uwandani, na kama mlizimua, mara ngapi. Bila hiyo namba ya mwisho, mtu wa maabara hatajua kama 1.2 yenu ni ya kisima au ni ya maji yaliyozimuliwa.