Hali za oda katika WooCommerce: zipi zihesabiwe kuwa mauzo

Karibu, mtazamaji. Katika video hii tunashughulika na duka la mtandaoni linaloendeshwa kwa WooCommerce, na swali letu ni moja: kati ya oda zote zilizoingia kwenye mfumo, zipi ziandikwe kuwa mauzo ya mwezi, na zipi zibaki nje ya hesabu. Tutatumia mfano wa duka la vitenge la Dar es Salaam ambalo wateja wake hulipa kwa simu, kwa benki, au kwa fedha taslimu mzigo unapofika. Ili hesabu isituchanganye, mfano huu hauna kodi, hauna nauli ya usafirishaji na hauna punguzo.

Anza kwa kufungua ukurasa wa `Orders`. Duka letu lina oda saba zilizoingia mwezi Oktoba. Oda ya kwanza ni ya shilingi 60,000, imelipwa kwa simu na mzigo umeshafika, kwa hiyo inaonyesha `Completed`. Oda tatu zinazofuata ni za mteja mmoja, kila moja ya shilingi 45,000. Mara ya kwanza mteja huyo alifika kwenye malipo lakini hakuweka namba ya siri, na oda ikabaki `Pending payment`. Akaazima simu ya mwenzake na kuagiza upya, salio halikutosha, na oda ikawa `Failed`. Jioni akarudi kwa simu yake baada ya kubadilisha rangi ya kitenge alichokichagua, safari hii malipo yakapita, na oda ikawa `Processing`. Oda ya tano ni ya shilingi 80,000, na mteja ameahidi kulipa kupitia benki, kwa hiyo iko `On hold`. Ya sita ni ya shilingi 50,000, italipwa taslimu mzigo utakapofika, nayo pia inaonyesha `Processing`. Ya saba, yenye shilingi 70,000, haikulipwa na imefutwa, kwa hiyo inaonyesha `Cancelled`. Zaidi ya hizo, tarehe 6 Oktoba duka lilimrudishia mteja shilingi 30,000 za oda aliyoilipia tarehe 28 Septemba, na oda hiyo ya zamani sasa inaonyesha `Refunded`.

Mtu akizijumlisha oda zote saba atapata shilingi 395,000. Jumla hiyo haina maana yoyote kibiashara, kwa sababu mteja mmoja aliyenunua mara moja amehesabiwa mara tatu, na ndani yake kuna fedha ambazo hazijawahi kutoka mfukoni mwa mtu.

Hatua ya kwanza ni kuangalia ni hali zipi ambazo mfumo wenyewe umeziacha nje. Nenda `Analytics`, kisha `Settings`, ushuke hadi sehemu iliyoandikwa `Excluded statuses`. Hapo utakuta `Pending payment`, `Failed` na `Cancelled` zimewekewa tiki tangu mwanzo, na hizo usiziguse. Hali zote zisizo na tiki zinahesabiwa, na hapa ndipo wenye maduka wengi wanapopitiwa, kwa kuwa `On hold` haina tiki. Maana yake ni kwamba zile shilingi 80,000 za ahadi ya benki zimo ndani ya ripoti ya mauzo, hata kama mteja hatalipa kamwe. Iwekee `On hold` tiki, kisha ubofye `Save settings`.

Utajiuliza kuhusu `Refunded`, kwa kuwa fedha imerudi kwa mteja na inaonekana haki kuiondoa. Mfumo wenyewe haukuruhusu kuiwekea tiki, na una sababu nzuri. Mfumo huandika marejesho kama tukio linalojitegemea, lenye tarehe yake na kiasi chake cha kupunguzwa. Oda ya tarehe 28 Septemba inabaki kuwa mauzo ya Septemba, kwa sababu siku hiyo fedha iliingia kweli, na shilingi 30,000 zinapunguzwa Oktoba, siku zilipotoka. Kama hali hiyo ingetolewa kwenye hesabu, ripoti ya Septemba ambayo pengine ulishaichapisha na kumpa mhasibu ingebadilika nyuma ya mgongo wako, na Oktoba isingeonyesha kwamba kuna fedha iliyotoka.

Hatua ya pili ni tarehe. Katika ukurasa huohuo wa `Settings` kuna chaguo linaloitwa `Date type`, lenye `Date created`, `Date paid` na `Date completed`. Chaguo hili ndilo linaloamua oda iangukie siku gani: siku ilipoandikwa, siku ilipolipwa, au siku ilipokamilishwa. Duka letu la mfano lilikuwa limewekwa kwenye `Date created`, na kabla ya kugusa chochote ripoti yake ya Oktoba ilisoma hivi: mauzo ghafi shilingi 235,000, marejesho shilingi 30,000, mauzo halisi shilingi 205,000. Baada ya kuitoa `On hold`, mauzo ghafi yameshuka hadi 155,000 na mauzo halisi hadi 125,000. Hata hivyo, fungua taarifa ya akaunti ya simu ya duka na utaona kwamba Oktoba ziliingia shilingi 105,000 tu, zikatoka 30,000.

Tofauti iliyobaki ni ile oda ya taslimu ya shilingi 50,000. WooCommerce huiweka oda ya kulipia mzigo ukifika kwenye `Processing` mara tu inapoandikwa, ili uanze kuufunga mzigo, ingawa hakuna aliyelipa. Kwa hiyo `Processing` moja ina maana mbili: kwa aliyelipa kwa simu inamaanisha fedha iko mkononi, na kwa anayesubiri dereva wa bodaboda inamaanisha deni. Mfumo unautambua utofauti huu, kwani kwa malipo ya taslimu hauandiki tarehe ya kulipwa mpaka uibadilishe oda kuwa `Completed`. Badilisha `Date type` iwe `Date paid`, uhifadhi, kisha ufungue upya `Revenue` ya Oktoba. Sasa mauzo ghafi ni shilingi 105,000, marejesho ni 30,000 na mauzo halisi ni 75,000, sawasawa na taarifa ya akaunti. Kitenge cha taslimu kikifika kwa mteja tarehe 4 Novemba na ukaikamilisha oda siku hiyo, kitakuwa mauzo ya Novemba.

Kwa duka dogo linaloishi kwa fedha inayoingia, huu ndio mpangilio ninaoupendekeza. Mhasibu anayefunga vitabu rasmi anaweza kutaka mauzo yafuate siku ya kukabidhi bidhaa, naye ana sababu zake. Mpe ripoti anayoihitaji, lakini msitumie vipimo viwili ndani ya jedwali moja.

Hatua ya tatu inahusu mikono ya watu, kwa sababu mpangilio, hata uwe mzuri kiasi gani, hauwezi kuizuia hali iliyobadilishwa kimakosa. Kosa lenye madhara makubwa zaidi ni kuzikamilisha kwa pamoja oda za zamani ili orodha ionekane safi. Oda iliyokuwa `Pending payment` ikibadilishwa kwa mkono kuwa `Completed`, mfumo huiandikia tarehe ya kulipwa siku hiyohiyo, na ghafla duka lina mauzo ambayo hayakutokea. Waelekeze wasaidizi wako kwamba oda isiyolipwa hufutwa, na haikamilishwi. WooCommerce inaweza hata kuifuta yenyewe: nenda `WooCommerce`, `Settings`, `Products`, kisha `Inventory`, na uangalie `Hold stock (minutes)`. Thamani ya awali ni dakika 60, na oda inayosubiri malipo ikipitisha muda huo mfumo huifuta na kuiachia bidhaa inunuliwe na mwingine.

Kinyume chake ni oda iliyokwisha kulipwa ambayo mtu anaifuta kwa `Cancelled` kwa sababu kitenge kimekwisha stoo. Mauzo yanatoweka kwenye ripoti, lakini fedha ya mteja bado iko kwako, na hakuna palipoandikwa kwamba unadaiwa. Oda iliyolipwa inapaswa kurejeshewa fedha. Ifungue, ubofye `Refund`, uandike idadi ya bidhaa zinazorudi, na uangalie tiki ya `Restock refunded items`, ambayo hurudisha bidhaa kwenye hesabu ya stoo. Kama kitenge hakipo, iondoe. Ukirejesha sehemu tu ya fedha, hali ya oda haibadiliki na kiasi kinapunguzwa kwenye mauzo. Ukirejesha yote, oda inakuwa `Refunded` yenyewe.

Hapa pana jambo linalowagharimu wateja. Kitufe cha `Refund manually` kinaandika marejesho kwenye mfumo tu, hakitumi hata senti moja. Vivyo hivyo, kuchagua `Refunded` kwenye orodha ya hali kunapunguza mauzo lakini hakumrudishii mteja chochote. Kama njia yako ya malipo haina kitufe chake cha kurejesha, mtumie mteja fedha kwanza kwa simu, kisha uandike namba ya muamala kwenye sehemu ya sababu kabla ya kubofya.

Hatua ya mwisho ni kulinganisha, nayo ifanyike kila mwisho wa mwezi. Weka ripoti ya `Orders` iliyo ndani ya `Analytics` upande mmoja, na taarifa za simu, benki na taslimu upande wa pili, kisha upitie muamala mmoja baada ya mwingine. Ukikuta fedha iliyoingia lakini oda yake ni `Cancelled` au `Failed`, huenda uthibitisho wa malipo ulichelewa kufika; irudishe oda kwenye `Processing` ikiwa bidhaa bado ipo, au umrudishie mteja fedha yake. Ukikuta oda ya simu iliyo `Processing` isiyo na fedha, ifungue na usome `Order notes` upande wa kulia, ambapo kila badiliko la hali limeandikwa pamoja na muda wake. Badiliko lisilo na namba ya muamala ni dalili kwamba programu-jalizi ya malipo imeipandisha oda kabla ya malipo kuthibitishwa, na hapo mwenye kushughulikiwa ni msimamizi wa programu hiyo.

Oda za benki zina upungufu mmoja usioepukika: tarehe ya kulipwa ni siku ulipoitoa oda kwenye `On hold`, wala si siku fedha ilipoingia benki. Fedha iliyofika tarehe 31 Oktoba ikathibitishwa tarehe 2 Novemba itasomeka Novemba. Kwa sababu hiyo, siku ya mwisho ya mwezi fungua akaunti ya benki kabla hujafunga duka, na uthibitishe zilizoingia siku hiyohiyo.