Jinsi ya kusoma picha ya cheti cha dawa, na kwa nini sifuri itakulaza macho

Haya, karibuni tena dirishani kwangu. Leo nakuonyesha ninavyosoma picha za vyeti vya dawa ambazo wateja wananitumia Wasapu kabla hawajafika famasi. Cheti unachokiona hapa nimekiandika upya kwa mkono wangu, nikiiga mwandiko wa kimoja nilichowahi kupokea, kwa hiyo usihangaike kutafuta jina la mgonjwa, halipo.

Kwanza picha yenyewe. Mwambie mteja alaze karatasi mezani, mwanga wa dirishani, simu iwe juu yake sawasawa, na pembe zote nne zionekane, kwa sababu namba ya kituo na saini huwa ziko chini kabisa, na huko ndiko watu wanakokata. Halafu aitume kama dokumenti. Wasapu ikituma kama picha ya kawaida inaibana, na kinachopotea ni nukta, yaani kile kile unachokihitaji.

Tuanze. Mstari wa kwanza: Tabs PCM 1g TDS 3/7. Parasetamo gramu moja, mara tatu kwa siku, siku tatu. Wa pili: Caps Amoxicillin 500mg TDS 5/7. Mnaijua. OD ni mara moja kwa siku, BD mbili, TDS tatu, QID nne. Hizo sehemu za mwisho angalia namba ya chini: saba ni siku, 52 ni wiki, 12 ni miezi. 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili, 1/12 ni mwezi mmoja. Kuna kijana wa mafunzo alinisomea 5/7 akasema "siku tano hadi saba, dada". Nilicheka, lakini si kosa la kuchekwa.

Kitu kimoja tu kuhusu OD: kwenye cheti cha matone ya macho, wapo wanaoitumia kumaanisha jicho la kulia. Ukiiona karibu na neno "drops", simama.

Sasa mstari wa tatu. Ngoja... taa inapiga karatasi, hamuoni kitu. Nisogeze. Bado. Haya, nimezima ya juu, hapo sasa.

Soma na mimi: Tab, halafu C-a-r-b, halafu wimbi, halafu e. Mkunjo wa karatasi umepita katikati ya neno. Kwenye rafu yangu nina dawa mbili zinazoingia hapo. Carbimazole, ya tezi ya shingo iliyochangamka kupita kiasi. Na Carbamazepine, ya kifafa. Ukimpa mwenye kifafa ile ya tezi umemkosea mara mbili: dawa yake imekatika ghafla, degedege linaweza kurudi, na papo hapo unamshusha homoni za tezi ambayo haikuwa na tatizo.

Nifanyeje? Natafuta herufi zinazotoka nje ya mstari. Baada ya z, Carbimazole ina l, inapanda juu. Carbamazepine ina p, inashuka chini. Kuza picha. Kuna mkia unashuka, umeuona? Umefurahi? Usifurahi. Daktari huyu anaandika z yenye mkia, kwa hiyo mkia huo unaweza kuwa wa z yenyewe. Na nukta ya i? Ipo moja, inaelea katikati ya neno, haijulikani ni ya nani. Carbimazole ina i baada ya b, Carbamazepine ina i karibu na mwisho, na nukta imekaa kati kwa kati kama mwamuzi.

Twende kwenye namba basi, maana namba husaidia. Carbimazole ninayouza ni ya 5 na ya 20. Carbamazepine ni ya 200. Kwa hiyo swali ni 20 au 200. Na hapa ndipo naomba usikimbie. Hesabu sifuri. Namba imebanwa na "mg" bila nafasi, na mguu wa kwanza wa m ukijikunja unafanana na sifuri kabisa. Hesabu sifuri, halafu hesabu miguu ya m.

Nakwambia kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza dirishani niliona Prednisolone 50mg OD 5/7. Nikahesabu vidonge vya 5mg, kumi kwa siku, siku tano, hamsini, nikavitia kwenye pakiti. Mama aliyekuwa msimamizi wangu akaichukua karatasi, akaiinamisha kwenye mwanga, akasema, "Mwanangu, nukta hii umeipeleka wapi?" Ilikuwa 5.0mg. Kidonge kimoja. Na ubaya ni kwamba miligramu 50 ni dozi inayoandikwa kweli kwa mtu mzima, kwa hiyo hakuna kengele iliyolia kichwani. Hesabu sifuri, na kabla ya kila sifuri ya mwisho tafuta nukta. Nimesema mara ngapi? Nitasema tena.

Rudi kwenye picha. Linganisha na mwandiko wake mwenyewe: kwenye 500 ya mstari wa pili sifuri zake zimefungwa vizuri. Hapa alama ya tatu haijafungwa chini. Na m yake kwenye mstari ule ina vilima viwili, hapa nikiihesabu alama hiyo kuwa sifuri, m inabaki na kilima kimoja. Kwa hiyo moyoni nilisema: 20, basi Carbimazole. Dawa mara mbili kwa siku, BD, mwezi mmoja, inawezekana kwa zote mbili, haikunisaidia.

Sasa angalia mkono wangu unaandika nini. Daftari hili lina safu nne: dawa, dozi, mara ngapi, shaka. (Ndiyo, madaftari haya nayauza, yapo kaunta.) Siandiki Carbimazole. Naandika "Carb...e?", naandika "20 au 200", kisha kwenye shaka naandika sababu: mkunjo, sifuri haijafungwa. Ukiandika dhana yako bila alama, anayekufuata ataisoma kama ukweli, atachukua kopo na kuhesabu.

Kisha nauliza. Mteja simwulizi "una kifafa?" maana wengi wanaitikia tu kwa heshima. Namwuliza, "Daktari alikuambia unatibiwa nini?" Yule mteja wa cheti chenyewe alikuwa ametumwa na mjomba wake, hakujua. Nikapiga kituoni. Na kwenye simu usiseme "Daktari, hii ni Carbimazole 20, sivyo?" Ana foleni, atasema ndiyo. Sema, "Naomba unisomee mstari wa tatu." Mwache aseme yeye, wewe umrudishie tarakimu moja moja.

Akasema Carbamazepine. Nikamrudishia: mbili, sifuri, sifuri? Akasema hivyo hivyo, mbili sifuri sifuri. Na mimi nilikuwa nimeshaegemea 20 na miguu yangu yote ya m!

Nikaandika jibu pembeni, jina la aliyepokea na saa, tisa na robo alasiri. Alama ya kuuliza sikuifuta. Niliikata kwa mstari mmoja tu, ibaki inaonekana.