Kikombe cha Jumatatu na Kikombe cha Alhamisi

Asanteni, na samahani kwa wale walionisikia nikilisema hili Kayole na Buruburu. Nalirudia kwa sababu kila nikimaliza kuzungumza mtu hunifuata mlangoni na kuniambia, "Mshauri, hata mimi nililelewa na baba mkali." Ndugu zangu, mimi sizungumzii ukali, nazungumzia mzazi asiyetabirika!

Baba mkali amesema atakayevunja kikombe atachapwa. Mtoto akivunja Jumatatu anachapwa, akivunja Alhamisi anachapwa. Sisifu kiboko hata kidogo, lakini mtoto huyo anajua sheria iko wapi, na siku ambayo hajavunja kitu analala usingizi wake. Njooni sasa nyumba ya pili. Jumatatu kikombe kimevunjika, baba anacheka, anasema vikombe vimejaa Gikomba. Alhamisi kimevunjika kingine, na meza inapinduliwa, mama analia jikoni. Kujihadhari na vikombe kutamsaidia nini mtoto huyu? Anaacha kusoma sheria, anaanza kumsoma mtu.

Kuna mama mmoja niliyemhudumia, na nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Alikulia kwenye ploti ambapo geti lilikuwa moja kwa wapangaji wote. Akiwa na miaka 8 alikuwa anatofautisha mkono wa babake na wa majirani kwa mlio wa komeo tu. Likivutwa polepole, jioni ni njema. Likigongeshwa, anazima redio, anakusanya madaftari mezani, anawapeleka wadogo zake nyuma ya pazia, yote kabla baba hajafika mlangoni. Na mara nyingi hakukosea. Msimwite mwoga, kwa sababu ujuzi ule uliwakinga watoto watatu.

Leo ameolewa na fundi wa umeme, mtu mpole. Mume anatoka kwenye foleni ya Jogoo Road, anatupa funguo mezani, kishindo kinasikika. Tumbo la mke linakaza. "Nimekosa nini?" Hakuna. Anauliza tena. Akiuliza mara ya tatu mume anapandisha sauti kweli, naye anajiambia moyoni: si nilijua?

Mwaka 2002 mtafiti Seth Pollak wa Wisconsin, Marekani, na wenzake waliwaonyesha watoto picha za nyuso zilizoanza zikiwa na ukungu, kisha zikawa wazi kidogo kidogo. Watoto waliowahi kupigwa nyumbani waliitambua hasira mapema, picha ikiwa bado haijakaa sawa. Katika jaribio jingine la mwaka huohuo nyuso zilichanganywa, hasira kidogo na hofu kidogo, na watoto hao waliziita za hasira pale ambapo wenzao walikuwa bado hawajaiona. Hao walikuwa watoto waliopigwa, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba kila aliyelelewa na mzazi asiyetabirika yuko hivyo. Lakini tazameni yule mama: sikio lake halijaharibika. Kishindo amekisikia sawasawa. Amekosea katika kukitafsiri.

Nilimpa daftari. Akishtuka, kabla ya kusema lolote, aandike amesikia nini, anadhani mume ana nini, na ana hakika kiasi gani katika 10. Kisha aulize mara moja tu, "Umechoka ama kuna neno kati yetu?" na aandike jibu. Baada ya wiki 3 tuliyasoma pamoja. Alikuwa ameandika hasira mara 14, mara nyingi kwa hakika ya 9. Hasira yenyewe ilipatikana mara 2, na moja ilikuwa ya kondakta aliyekataa kurudisha chenji. Bado anashtuka. Ila akishtuka haulizi tena mara tatu.

Najua kuna anayesema moyoni, mimi wangu ni mkatili kweli, nitaandika nini? Hapo weka daftari chini. Angalia kinachotokea ukiuliza. Kama swali lenyewe linakuletea tusi, kofi, au siku nne za kununiwa, basi king'ora chako kinalilia nyumba unayoishi leo, na hakuna cha kusahihisha kwako. Hapa Kenya piga 1195, simu ya msaada kwa wanaodhulumiwa nyumbani, haitozi pesa, wanapokea usiku na mchana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kueleza kwa nini wengine huanzisha ugomvi nyumba ikiwa imetulia: kwao utulivu ulikuwa ndio mwanzo wa dhoruba, na kuingoja kunauma kuliko dhoruba yenyewe. Ukiishi na mtu wa namna hiyo, usimwambie tu "niamini." Mwambie utarudi saa moja, urudi saa moja, ukichelewa, piga simu kabla hajaanza kusikiliza geti.

Yule fundi wa umeme alipoelezwa habari za komeo alikaa kimya kitambo. Siku hizi akifika ngazi za chini anamwita mkewe kwa jina, ndipo anapanda.